Tiketi Moja, Mashirika Matatu: Nauli Hudaiwa kwa Nani?

Tiketi ya safari nzima humfikisha abiria mwisho wa safari kwa ndege za mashirika zaidi ya moja, ingawa amelipa nauli mara moja na kupewa tiketi moja. Mtu wa Mwanza anayekwenda Copenhagen anaweza kupanda ndege ya shirika la ndani hadi Dar es Salaam, akachukua ya shirika la Ghuba hadi Doha, kisha akamalizia na shirika la tatu lenye makubaliano na hilo la pili. Mambo yakienda sawa, hana haja ya kujua nani anamlipa nani. Haja hiyo hutokea siku ndege moja kati ya hizo inapofutwa, naye akaanza kutumwa huku na huko: shirika la ndani linamwambia aende kwa shirika la Ghuba, la Ghuba linamrudisha kwa wakala, na wakala anasema anasubiri jibu la shirika la ndani.

Mzunguko huo unatokana na namna fedha za tiketi zinavyosafiri. Abiria anapolipa, nauli yote huingia kwa shirika moja tu, lile lililotoa tiketi. Mashirika mengine yaliyotajwa kwenye safari hayapati hata senti siku hiyo. Tiketi ya kielektroniki imegawanywa katika kuponi, moja kwa kila ndege, na kila kuponi ina hali yake ndani ya kompyuta. Kabla ya safari husomeka OPEN FOR USE, na baada ya ndege kuruka na abiria akiwa ndani husomeka FLOWN. Kuponi ikishatumika ndipo shirika lililombeba abiria hudai sehemu yake ya nauli kwa shirika lililotoa tiketi. Madai hayo kwa kawaida hupitia ofisi ya kusawazisha madeni ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Ofisi hiyo imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1947.

Kwa hiyo kuponi ambayo haikutumika haijalipiwa mtu. Ndege ya Mwanza ikifutwa, shirika la ndani halina nauli ya abiria huyo, kwa kuwa lingelipwa tu baada ya kumbeba. Fedha bado ziko kwa mtoa tiketi, na huko ndiko maombi ya kurejeshewa nauli yanakotakiwa kwenda, hata kama kosa si lake. Abiria wengi hufanya kinyume. Hukasirika mbele ya kaunta ya shirika lililofuta ndege, wakidai fedha ambazo shirika hilo halijawahi kuzishika. Hasira yao ina haki, lakini mlango si huo.

Kumjua mtoa tiketi ni rahisi. Namba ya tiketi ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Tiketi inayoanza na 706 imetolewa na Kenya Airways, 071 ni Ethiopian Airlines, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar Airways na 197 ni Air Tanzania. Tarakimu hizo huonekana kwenye risiti ya tiketi inayotumwa kwa barua pepe, karibu na maneno TICKET NUMBER au ETKT. Zisichanganywe na namba ya ndege, wala na ile namba ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu sita. Namba ya uhifadhi ni alama ya nafasi iliyoshikwa, na kila shirika linaweza kuwa na yake kwa safari hiyohiyo. Haisemi nani ana fedha.

Kuna jambo dogo hapa linalowapotosha watu. Tiketi moja hubeba kuponi nne tu. Safari ya kwenda na kurudi kati ya Mwanza na Copenhagen ina ndege sita, hivyo mfumo hutoa namba mbili zinazofuatana, pengine moja ikiishia na 68 na nyingine 69. Hizo bado ni tiketi moja kisheria na kifedha. Tofauti na hiyo, namba mbili zisizofuatana, au zenye tarakimu tatu za mwanzo tofauti, ni ishara kwamba wakala ameuza tiketi mbili na kuzibandika kwenye ratiba moja, hata kama zote zimo chini ya namba moja ya uhifadhi. Kibandiko cha mzigo kilichoandikwa hadi mwisho wa safari nacho hakithibitishi kwamba tiketi ni moja, maana baadhi ya mashirika hupitisha mizigo ya tiketi mbili bila kuziunganisha.

Namba ya ndege nayo ina mtego wake. Shirika linaweza kuuza nafasi kwa namba yake katika ndege ya shirika jingine, na kwenye ratiba huandikwa OPERATED BY likifuatiwa na jina la mwenye ndege. Kwa kuponi hiyo moja, basi, huenda kuna mashirika matatu: lililotoa tiketi, ambalo namba yake imetumika kuuza, na lililorusha ndege. Lile la katikati ndilo lenye umuhimu mdogo zaidi kwa anayetafuta nauli yake, ingawa jina lake ndilo linaloonekana kwa maandishi makubwa.

Nauli si dai pekee linaloweza kuzaliwa na ndege iliyofutwa, na hapa ndipo watu huchanganya. Abiria aliyeachwa uwanjani kwanza hutaka kufikishwa anakokwenda. Dai hilo hupelekwa kwa shirika lililoshindwa kumbeba, kwa sababu wakati huo ndilo lililoshika kuponi yake na lenye uwezo wa kumhamishia ndege nyingine. Mzigo uliopotea au kuchelewa huripotiwa kwa shirika lililomleta mwisho, kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka uwanjani, hata kama kila mtu anajua ulibaki kwenye uwanja wa kwanza. Fidia ya usumbufu ni dai jingine tena, na mlango wake hutegemea sheria ya nchi ambako safari imeanzia au inakoishia. Mtu mmoja anaweza kuwa na madai haya yote kwa wakati mmoja, kwa mashirika matatu tofauti, na barua moja inayoyachanganya yote aghalabu hupata jibu la sehemu moja tu.

Tuichukue ile safari ya Mwanza. Tuseme tiketi imetolewa na shirika la Ghuba kupitia wakala wa mjini Mwanza, nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 3,000,000, na kodi na tozo ni 900,000. Ndege ya saa 3 asubuhi kwenda Dar es Salaam inafutwa kwa hitilafu ya mitambo. Ndege ya Doha inaondoka jioni.

Hatua ya kwanza ni kwenye kaunta ya shirika la ndani, na ombi ni kufikishwa, si kurudishiwa fedha. Ofisa wa kaunta anaweza kumweka kwenye ndege ya mchana, ya kwao au ya shirika jingine, au kukubali kwamba haiwezekani. Vyovyote iwavyo, tiketi lazima ibadilishwe ndani ya mfumo ili kuponi zilizobaki zilingane na ratiba mpya. Hapo ndipo hutokea kosa lenye gharama kubwa kuliko yote. Abiria huamua kununua tiketi nyingine kwa fedha zake, akafika Dar es Salaam mapema, akajitokeza kwenye ndege ya Doha akijiona mjanja. Lakini mfumo unaonyesha kwamba kuponi ya kwanza haikutumika. Ikiwa shirika la ndani halikuandika kwamba ndege ilifutwa, abiria huhesabiwa kuwa hakutokea, na kuponi zote zinazofuata hufutwa pamoja nayo, ya kurudi ikiwamo. Kabla ya kujitafutia usafiri wake ni lazima mtoa tiketi athibitishe, kwa ujumbe unaoweza kuonyeshwa, kwamba safari iliyobaki imehifadhiwa.

Ikiwa hakuna ndege itakayomwahisha na safari yenyewe imepoteza maana, pengine kwa sababu harusi aliyokuwa akienda kuhudhuria ni kesho yake, abiria ana haki ya kurejeshewa tiketi yote ambayo haijatumika. Hapa kuponi zote sita bado ni OPEN FOR USE, kwa hiyo kinachodaiwa ni shilingi 3,900,000, pamoja na kodi. Wataalamu wa tiketi hutofautisha marejesho ya abiria aliyebadili nia na ya abiria aliyeangushwa na shirika. Yule wa kwanza hukatwa adhabu kwa mujibu wa masharti ya nauli, na tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishwi kabisa. Wa pili hakatwi kitu, hata kama tiketi yake imeandikwa NON-REF. Ndiyo maana ombi linapaswa kueleza wazi, katika sentensi ya kwanza, kwamba ndege ilifutwa na shirika, na liambatane na uthibitisho wa shirika la ndani wenye namba ya ndege na tarehe. Karatasi hiyo huombwa uwanjani siku hiyohiyo. Baada ya wiki mbili kuipata ni kazi.

Kwa kuwa tiketi ilinunuliwa kwa wakala, ombi huanzia kwake. Fedha hurudi kwa njia ileile zilikopita: kutoka shirika la Ghuba kwenda kwa wakala, kisha kwa abiria. Shirika likiulizwa moja kwa moja huwa linajibu kwamba tiketi ya wakala hushughulikiwa na wakala, na jibu hilo kwa kawaida ni la kweli. Lakini kazi ya wakala ni kupeleka ombi, hana mamlaka ya kulikataa kwa niaba ya shirika. Akisema limekataliwa, aonyeshe jibu lenyewe. Ada yake ya huduma, ikiwa aliitoza kando na kuitaja kwenye risiti, mara nyingi hairudi.

Waswahili walioko Marekani wanaowanunulia wazazi tiketi kwa kadi wana utaratibu ulio wazi zaidi. Kanuni ya Wizara ya Uchukuzi ya nchi hiyo iliyotolewa 2024 inasema anayewajibika kurejesha nauli ni yule ambaye jina lake limeonekana kwenye taarifa ya kadi kama muuzaji, awe shirika au wakala. Kanuni hiyo inahusu safari zinazoingia, kutoka au kuzunguka ndani ya Marekani.

Hali hubadilika ndege inayofutwa ikiwa ya mwisho. Tuseme abiria huyohuyo alisafiri vizuri, akarudi hadi Dar es Salaam, na ndege ya kumfikisha Mwanza ikafutwa hadi kesho yake. Kuponi tano zimetumika na imebaki moja. Wengi hudhani watapata sehemu moja ya sita ya nauli, yaani shilingi 500,000. Hesabu haiendi hivyo. Marejesho ya tiketi iliyotumika kiasi hupatikana kwa kulinganisha nauli iliyolipwa na nauli ya sehemu iliyosafiriwa. Ikiwa siku ya kununua nauli ya Dar es Salaam hadi Copenhagen, kwenda na kurudi, ilikuwa shilingi 2,800,000, basi kipande cha Mwanza kilikuwa na thamani ya 200,000 kwa pande zote mbili, na marejesho ya upande mmoja ni kama 100,000 pamoja na kodi za uwanja zilizohusu kuponi hiyo. Nauli ya ndani inayouzwa siku hiyohiyo kwa aliyechelewa inaweza kuwa mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Kuna hata njia ambazo tofauti ni sifuri, kwa kuwa shirika la kimataifa huongeza kipande cha ndani bila malipo ili kuvuta wateja wa mikoani.

Kwa sababu hiyo, kuponi ya mwisho ikianguka, kudai nauli ndilo chaguo baya zaidi. Ni afadhali kudai kufikishwa, pamoja na hoteli na chakula ikiwa ni kulala, na hayo hudaiwa kwa shirika lililofuta ndege. Kuomba marejesho ni kuvunja mkataba wa kipande hicho, na baada ya hapo shirika halina tena wajibu wa kumfikisha. Wapo maofisa wanaoharakisha kumpa abiria fomu ya marejesho kwa sababu hiyohiyo.

Safari iliyoanzia Ulaya ina faida ambayo abiria wengi wa Afrika Mashariki hawaijui. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 humpa abiria fidia ya kiasi maalumu, mbali na nauli, ndege inapofutwa bila taarifa ya mapema au anapofika mwisho wa safari akiwa amechelewa saa tatu au zaidi. Kwa safari ndefu za nje ya Umoja, zinazozidi kilomita 3,500, kiwango ni euro 600. Inahusu ndege yoyote inayoondoka katika uwanja wa Umoja wa Ulaya, liwe shirika la wapi, na ndege zinazoingia huko zikiwa tu za mashirika ya Ulaya. Kwa hiyo safari ya kurudi kutoka Copenhagen imo, hata ikirushwa na shirika la Ghuba.

Swali lilikuwa ni nani alipe ikiwa ndege iliyotoka Ulaya iliruka kwa wakati na tatizo likatokea mbele, mikononi mwa shirika jingine. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililijibu mwaka 2019 katika shauri la České aerolinie. Abiria walitoka Prague kwenda Abu Dhabi kwa ndege ya shirika hilo la Kicheki na wakafika kwa wakati. Kutoka Abu Dhabi hadi Bangkok walibebwa na Etihad, na huko ndiko walikocheleweshwa. Mahakama iliamua kwamba, kwa kuwa uhifadhi ulikuwa mmoja, safari nzima ni kitu kimoja, na shirika lililorusha kipande cha kwanza lilipe fidia, kisha lenyewe litafute kurudishiwa na mwenzake. Mwaka 2022, katika shauri lililohusu American Airlines, mahakama hiyo ilikwenda mbali zaidi: hata mashirika yasiyokuwa na uhusiano wowote kati yao huhesabiwa hivyo, ikiwa wakala aliunganisha ndege zao, akatoza bei moja na kutoa tiketi moja.

Kwa abiria wetu wa Mwanza maana yake ni kwamba akikwama Dar es Salaam wakati wa kurudi, akafika kwao kesho yake, anaweza kupeleka dai la fidia kwa shirika lililomtoa Copenhagen, ingawa halikufanya kosa lolote. Shirika hilo linaweza kujitetea kwa sababu zilizo nje ya uwezo, kama dhoruba au kufungwa kwa anga. Hitilafu ya kawaida ya mitambo haikubaliwi kama utetezi.

Nje ya Ulaya kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zote zimejiunga nao. Mkataba huu hauna kiwango maalumu cha fidia wala hauzungumzii nauli ya ndege iliyofutwa. Unahusu hasara iliyothibitishwa kwa risiti iliyotokana na kucheleweshwa, na mizigo. Katika safari ya mashirika yanayofuatana, abiria aliyecheleweshwa hudai kwa shirika lililorusha kipande kilichochelewa, isipokuwa shirika la kwanza liwe limekubali waziwazi kubeba dhamana ya safari yote. Kwa mzigo ana nafasi pana zaidi: shirika la kwanza, la mwisho, au lile lililousafirisha ulipopotea au kuharibika. Na ndege ikiwa imeuzwa kwa namba ya shirika moja na kurushwa na jingine, anaweza kudai kwa lolote kati ya hayo mawili.

Haya yote husimama juu ya tiketi moja. Tovuti nyingi za kuuza tiketi huunganisha mashirika yasiyojuana kwa sababu bei ya jumla ni ndogo, na ratiba hupambwa ikaonekana safari moja. Shirika la ndani likifuta ndege ya Mwanza katika ununuzi wa namna hiyo, litarudisha nauli ya Mwanza hadi Dar es Salaam tu. Shirika la Ghuba litaona abiria ambaye hakutokea, na kwa haki litashikilia masharti ya tiketi yake. Baadhi ya tovuti hutoa dhamana yao wenyewe ya muunganisho, lakini hapo mdaiwa ni tovuti, kwa masharti iliyoyaandika yenyewe.

Jambo la kuchunguzwa zaidi ni shirika kufilisika. Jet Airways ya India iliposimamisha ndege zake zote Aprili 2019, ilikuwa na makubaliano ya kuuziana nafasi na mashirika kadhaa ya nje. Katika anguko la namna hiyo, abiria mwenye tiketi iliyotolewa na shirika jingine huwa na mdaiwa aliye hai, ambaye bado ana fedha za kuponi zisizotumika. Mwenye tiketi iliyotolewa na shirika lililoanguka huingia kwenye foleni ya wadai, na mashirika mengine yaliyomo kwenye tiketi hiyo huweza kukataa kumbeba kwa sababu hakuna atakayewalipa. Anayenunua tiketi yenye shirika linaloyumba ana sababu ya kumuuliza wakala tiketi itatolewa na nani. Mara nyingi wakala ana uwezo wa kuchagua.

Muda nao una mipaka. Mashirika mengi hukataa maombi ya marejesho yanayofika baada ya tiketi kuisha muda, ambao kwa kawaida ni mwaka mmoja. Mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokelewa, na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Kesi chini ya Mkataba wa Montreal hufunguliwa ndani ya miaka miwili tangu siku ndege ilipofika au ilipotakiwa kufika. Mtoa tiketi akikaa kimya, malalamiko hupelekwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, yakiwa na namba ya tiketi yenye tarakimu 13, uthibitisho wa ndege kufutwa, na nakala ya ombi la kwanza ikionyesha tarehe lilipotumwa.